Kwa nini apu ya muziki inabafabafa kwenye mtandao wa taratibu, na setingi gani zinapunguza hilo tatizo

Shemeji yangu alinipa simu yake wiki kadhaa zilizopita akasema nimwangalizie, kila wimbo unapiga kidogo unasimama, unapiga kidogo unasimama, na yeye anasikiliza muziki muda wote akiwa kazini. Ashazima simu akawasha, ashafuta apu akaiweka upya, ashafuta kashe, hakuna kilichobadilika. Nikakaa nayo kama saa moja hivi na mwisho tukaipata shida, na ilikuwa vitu viwili vimepandana sio kimoja. Ntaelezea kama tulivyoenda manake nimegundua watu wengi wana shida hiyo hiyo na wote wanaanza kwa kufuta apu, kitu ambacho kwenye mtandao wa taratibu kinakurudisha nyuma zaidi.

Kwanza uelewe kinachotokea ndani

Apu ya muziki haipigi wimbo moja kwa moja toka mtandaoni. Inavuta kipande cha wimbo inakiweka pembeni kama akiba, alafu inapiga kutoka kwenye ile akiba huku inaendelea kuvuta vipande vingine. Ni kama pipa lenye bomba juu linaloingiza maji na bomba chini linalotoa. Bomba la chini halina huruma, wimbo unakula kiasi kile kile kila sekunde. Bomba la juu ndo mtandao wako, leo nyingi kesho kidogo. Pipa likikauka, muziki unasimama, kile kiduara kinaanza kuzunguka, hadi pipa lipate tena maji kidogo.

Kwa hiyo muziki unasimama kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, kinachoingia ni kidogo kuliko kinacholiwa, kila sekunde unapungukiwa. Ya pili, kwa wastani kinachoingia kinatosha kabisa ila mtandao unakatika kwa muda mrefu kuliko akiba uliyonayo, mfano uko kwenye gari umepita sehemu signali haipo.

Hizi mbili unaweza kuzitofautisha kwa masikio tu. Kama wimbo unasimama kwa mpangilio, unapiga kama nusu dakika, kimya sekunde kadhaa, unapiga tena nusu dakika, hiyo ni upungufu wa kudumu, spidi yako ni ndogo kuliko wimbo. Kama unapiga vizuri dakika kumi alafu ghafla unasimama dakika nzima, hiyo ni mtandao kukatika. Dawa zake haziko sawa ndo mana nasema usikilize kwanza kabla hujagusa setingi yoyote.

Hakikisha kweli ni mtandao

Kuna vitu viwili vinafanana na kubafa ila sio kubafa, na ukivichanganya utabadilisha setingi siku nzima bure.

Muziki ukikatika, angalia namba za muda wa wimbo pale chini. Kama zimeganda, mfano ziko 1:42 na hazisogei, basi apu inasubiri data, huko ndo kubafa kwenyewe. Kama sauti inakatakata lakini muda unaendelea kusogea 1:43, 1:44, basi data ipo, shida iko kati ya simu na iyafoni zako za blutuuthi. Chomeka za waya au tumia spika ya simu uhakikishe.

Cha pili ni betri. Simu nyingi za Android zinaua apu kioo kikizimwa ili kutunza chaji. Piga wimbo ambao uko ndani ya simu tayari, uliodaunlodiwa, zima kioo, subiri dakika kumi. Ukisimama na huo, mtandao hauna kosa, nenda kwenye setingi za betri za hiyo apu uweke `Unrestricted` alafu jaribu tena. Ukipiga mpaka mwisho bila shida, basi tuendelee na mtandao.

Kwa shemeji namba ziliganda, na wimbo wa ndani ya simu ulipiga vizuri. Na mkatiko wake ulikuwa wa mpangilio kabisa, karibu kila nusu dakika.

Pima spidi, na usichanganye biti na baiti

Fungua `fast.com` kwenye brauza na upime mara tatu, katikati uache dakika chache. Unachotafuta ni ile namba ndogo kuliko zote sio ile kubwa ya kufurahisha, manake muziki unasimama pale mtandao unapokuwa chini. Pia simu nyingi zina setingi ya kuonyesha spidi pale juu karibu na saa, iwashe, inasaidia sana kuona kinachoendelea wakati wimbo umesimama.

Sasa hapa watu wengi wanajichanganya. Pale juu simu inaonyesha kilobaiti, inaandika `KB/s`, ila ubora wa muziki unatajwa kwa kilobiti, `kbps`. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukiona `16 KB/s` hiyo ni kilobiti 128 kwa sekunde. Usilinganishe 16 hiyo na wimbo wa kilobiti 96 ukadhani huna kitu, zidisha mara 8 kwanza.

Kwa shemeji spidi ilikuwa inacheza chini ya `16 KB/s` na haivuki hapo hata mara moja, signali imejaa vizuri. Spidi inayogonga dari pale pale kila saa namna hiyo sio mnara kuelemewa, mnara ukielemewa spidi inapanda na kushuka ovyo. Hii ilikuwa imefungwa na mtandao wenyewe. Bando lake lilikuwa la aina ile ambayo ukimaliza kiasi fulani hawakukatii, wanakushushia spidi, na yeye alikuwa hajui kama ashafika hapo. Soma vizuri masharti ya bando lako manake huwa kimeandikwa humo, na hakuna setingi ya simu inayofungua hiyo. Kinachobaki ni kufanya muziki utoshe kwenye kilichopo.

Hesabu ya shemeji

Apu yake ilikuwa inapiga kwa kilobiti 160 kwa sekunde. Mtandao unaingiza 128. Kila sekunde anapungukiwa 32. Tuseme wimbo umeanza na akiba ya sekunde 10, yaani kilobiti 1600. Gawa 1600 kwa 32 unapata 50, kwa hiyo baada ya sekunde 50 pipa limekauka. Apu inasimama inakusanya tuseme sekunde 5 za muziki, kilobiti 800, na hizo kwa spidi ya 128 zinachukua sekunde 6 na kidogo. Inaanza kupiga tena, na 800 kugawa kwa 32 ni sekunde 25. Sekunde 25 muziki, sekunde 6 kimya, mpaka wimbo uishe. Ndo kile kile alichokuwa anasikia.

Ukishusha hadi 96 mambo yanageuka. Sasa kila sekunde inabaki ziada ya 32. Baada ya dakika moja una kilobiti 1920 za ziada ambazo ni sekunde 20 za muziki ziko kwenye akiba, na inazidi kuongezeka. Mtandao ule ule, simu ile ile, bando lile lile.

Kwa hiyo setingi ya kwanza ni ubora wa sauti, na usiiache kwenye otomatiki

Kwenye Spotify ingia `Settings`, tafuta sehemu ya ubora iliyoandikwa `Media quality` au `Audio quality` kutegemea na toleo ulilonalo, alafu upande wa mtandao wa simu, `Cellular`, sio upande wa waifai. `Low` ni kama kilobiti 24, `Normal` ni 96, `High` ni 160, `Very high` ni 320. Kwenye YouTube Music inaitwa `Audio quality on mobile network`, pale `Low` ni 48, `Normal` ni 128, `High` ni 256. Kwenye Apple Music ingia `Settings` ya simu, tafuta `Music`, alafu `Audio Quality`, kwenye `Cellular Streaming` chagua `High Efficiency`, na kama umewasha `Lossless` kwa mtandao wa simu izime, ile inakula mara nyingi zaidi ya hizi zote.

Kanuni ninayotumia mimi ni kwamba wimbo usile zaidi ya nusu ya spidi yako ya chini. Ukipima mara tatu ukapata 400, 350 na 220, chukua 220, nusu yake 110, kwa hiyo 96 inakufaa. Kwa shemeji mwenye 128 kwa kanuni hiyo hata 96 ilikuwa juu, na ntakuonyesha hapo chini kwamba kweli ilimletea shida.

Kuhusu `Automatic`, kwenye mtandao uliotulia iko poa ila kwenye mtandao unaopanda na kushuka ndo inakusumbua. Inapima spidi wakati fulani ikakuta nzuri, inachagua ubora mkubwa, dakika moja baadae spidi imeanguka na wewe umebaki na wimbo mzito kwenye bomba jembamba. Chagua mwenyewe kwa mkono ubaki hapo. Na ukishabadilisha, usihukumu kwa wimbo unaopiga sasa hivi, manake kipande chake cha ubora wa zamani kinaweza kuwa kishavutwa, rukia wimbo mwingine ambao hujaupiga siku hiyo ndo upime.

Watu wanaogopa ile `Low` ya 24. Ukweli sauti inabadilika, matoazi na zile sauti nyembamba za juu zinakuwa kama zinasikika kupitia maji. Kwa mahubiri, mazungumzo au muziki wa sauti moja na gitaa inavumilika kabisa, kwa bendi kubwa yenye matarumbeta mimi inanisumbua. Ila muziki unaopiga bila kukatika kwa 24 nauchukua kuliko wa 160 unaosimama kila nusu dakika.

Alafu watafute wezi wa spidi

Tukashusha shemeji hadi 96, ukapiga vizuri nyimbo mbili, wa tatu ukaanza tena. Hapo ndo tukapata kitu cha pili.

Mtandao wako haumpi muziki peke yake, unagawana na kila apu iliyo macho. Apu mbili zikivuta kwa wakati mmoja kwenye kilobiti 128 kila moja inapata kama 64, na 64 ni ndogo kuliko 96, umerudi kwenye upungufu. Kwake kulikuwa na apu ya picha inapandisha bakapu kwa data ya simu. Na kupandisha kuna ubaya wake wa peke yake ambao hauonekani. Simu inapopokea data inatakiwa kurudisha vijibu vidogo vidogo kwa seva kwamba nimepata, nitumie nyingine. Vijibu hivyo vinapita njia ile ile ya kupandisha. Picha za megabaiti nne nne zikijaza hiyo njia, vijibu vinakaa foleni nyuma yao, na seva ya muziki isipopata jibu inapunguza mwendo wa kutuma. Kwa hiyo unaweza kuwa hushushi kitu kingine chochote na bado muziki ukakwama kwa sababu ya kupandisha.

Pita hapa kwa utaratibu huu. Kwenye Google Photos ingia setingi za bakapu uzime matumizi ya data ya simu, ibaki waifai tu. Kwenye WhatsApp ingia `Settings`, `Storage and data`, alafu `Media auto-download`, na pale `When using mobile data` toa tiki zote, hii ni muhimu sana kama uko kwenye magrupu mengi manake video moja ya grupu inatosha kukausha pipa lako. Kwenye Play Store weka apdeti za apu ziwe kwa waifai tu. Ukitaka kuzibana zote kwa mara moja, Android ina `Data Saver` kwenye setingi za mtandao na iPhone ina `Low Data Mode` kwenye setingi za data ya simu.

Tahadhari moja na `Data Saver` ya Android, ukiiwasha alafu ukakuta muziki sasa unasimama kila ukizima kioo, ingia kwenye orodha ya `Unrestricted data` humo humo uiruhusu apu ya muziki peke yake. Hapo ndo inakuwa tamu kweli, zingine zote zimebanwa na muziki uko huru.

Kama unatumia VPN izime kwa majaribio, hasa zile za bure, seva zake zina watu wengi na wewe unaongeza mzunguko ambao huuhitaji. Na ndani ya apu ya muziki yenyewe zima mapambo, kwenye Spotify kuna `Canvas` ambayo ni zile video fupi zinazozunguka nyuma ya wimbo, na kwenye YouTube Music hakikisha uko upande wa `Song` sio `Video` pale juu ya picha ya wimbo, manake video inakula mara nyingi zaidi ya sauti.

Baada ya kuzima bakapu wimbo wa shemeji ulitulia kwa 96. Ila nikamwambia siku akiona umeanza tena asihangaike, ashuke `Low`, kwa sababu hata kama kuna apu nyingine imevamia na amebaki na 64, wimbo wa 24 unapita bila wasiwasi.

Kama shida yako ni kukatika sio upungufu

Hapa kushusha ubora bado kunasaidia lakini kwa sababu tofauti. Spidi ile ile inajaza pipa kwa haraka zaidi kama wimbo ni mwepesi, kwa hiyo ukifika sehemu haina signali unakuwa na akiba ndefu. Apu nyingi wimbo ukikaribia kuisha zinaanza kuvuta wimbo unaofuata kabla haujafika. Kwa hiyo tengeneza foleni ya nyimbo mapema uiache iende kwa mpangilio. Kila ukiskipu unatupa kilichokuwa kimevutwa na unaanza na pipa tupu, na mtu anayeskipu skipu kwenye mtandao mbovu atalalamika kila siku hata ashushe ubora mpaka chini kabisa.

Angalia pia simu isiwe inaruka kati ya 4G na 3G. Kama ile alama pale juu inabadilika badilika ukiwa umekaa sehemu moja, kila kuruka kunakatisha kuvuta kwa sekunde kadhaa. Ingia setingi za laini, tafuta `Preferred network type`, ujaribu kuifunga kwenye aina moja na upime spidi tena. Usidhani 4G ndo bora wakati wote, 4G yenye signali nyembamba inaweza kushindwa na 3G iliyotulia, na saa za jioni mnara wa 4G ukiwa na watu wengi signali inajaa ila spidi hamna. Ila kumbuka kama utaifunga kwenye 4G peke yake na laini yako haipigi simu kupitia 4G, watu watakupigia wasikupate. Na kuna sehemu 3G ishazimwa, ukiichagua hutapata mtandao kabisa, rudisha ulipokuwa.

Kashe usiifute ovyo

Ushauri wa kufuta kashe unasambaa sana na kwa kubafa mara nyingi ni kinyume. Kwenye kashe ndo kuna nyimbo ulizokwisha kupiga, Spotify kwa mfano inazitunza ili ukiurudia wimbo isivute tena. Ukifuta unalazimisha simu ivute upya vitu ilivyokuwa navyo. Ifute pale tu apu ina kasoro, mfano wimbo mmoja unagoma kila siku na mingine inapiga. Kitu cha kuangalia badala yake ni nafasi kwenye simu, simu ikiwa imejaa hadi mwisho apu inakosa pa kuweka akiba, acha angalau gigabaiti moja mbili wazi.

Na njia ya kuondoa tatizo moja kwa moja

Wimbo uliodaunlodiwa haubafi. Hata kwenye spidi mbovu inawezekana, tatizo ni muda tu. Wimbo wa dakika 4 kwa kilobiti 96 ni kama megabaiti 2.9. Nyimbo 40 ni kama megabaiti 115, na kwenye mtandao wa shemeji wa 128 hiyo ni saa 2 kama hakuna apu nyingine inayovuta. Anaweka usiku anachomeka chaji, asubuhi ziko tayari.

Setingi zake ni tatu. Ubora wa kudaunlodi unawekwa peke yake, sio ule wa kusikiliza moja kwa moja, kwa hiyo nenda sehemu ya `Download` uweke `Normal`, ukiacha `Very high` zile saa 2 zinakuwa karibu 7. Kama huna waifai, washa ruhusa ya kudaunlodi kwa data ya simu, kawaida huja imezimwa na watu wanasubiri usiku kucha bila kitu kushuka. Na apu iwe imetolewa kwenye kubanwa betri kama tulivyofanya kule juu, ama sivyo kioo kikizimika inaishia njiani.

Kwenye Spotify na YouTube Music nyimbo za kudaunlodi ni kwa waliolipia, na inabidi simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ama sivyo zinafungwa. Ukishazipata, washa `Offline mode` kwenye Spotify unaposikiliza. Bila hivyo apu bado inaenda mtandaoni kutafuta picha na mapendekezo, na kwenye mtandao wa taratibu unabonyeza wimbo ambao uko ndani ya simu alafu unasubiri kurasa zifunguke. Shemeji alivyoiwasha wimbo ulianza papo hapo, akaniuliza kama nimemnunulia bando.